Nyumba iliyofungwa miezi mingi Dodoma: fungua, lowesha, ndipo usafishe

Nyumba iliyofungwa muda mrefu ikifunguliwa, kosa linalofanyika karibu kila mara ni kuwahi ufagio. Mtu anaingia, anakuta vumbi la Dodoma limelala juu ya kila kitu, anaona vipunje vyeusi pembeni mwa ukuta, na tayari anafagia kabla hata dirisha moja halijafunguliwa. Vumbi lile halikutoka barabarani peke yake. Limechanganyika na mkojo wa panya uliokauka, kinyesi kilichosagika, na mara nyingine kinyesi cha popo kilichopenya kutoka darini. Ukikifagia kikavu kinapanda hewani na unakivuta kifuani. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni hewa kwanza, halafu ukaguzi, halafu kulowesha na kufuta. Ufagio unasubiri mpaka mwisho, na mara nyingi hata hauhitajiki kwa sababu deki inatosha.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wamejenga Ihumwa, Nzuguni, Nala na kwingineko pembezoni, mahali ambapo jana palikuwa shamba la mtama, uwele au alizeti. Mwenye nyumba anahamishiwa mkoa mwingine, anafunga, anaondoka. Mvua zinaisha Aprili, mavuno yanaondolewa shambani, na panya waliokuwa wakila shambani wanatafuta pa kukaa. Nyumba iliyofungwa, yenye godoro, sofa na mfuko wa unga uliosahaulika, ndiyo wanayoichagua.

Kabla ya kugusa kufuli

Fika asubuhi, saa 2 au saa 3, mwanga ukiwa mzuri na upepo haujawa mkali. Miezi ya Julai hadi Septemba upepo wa mchana unaweza kuingiza vumbi jipya kuliko lile unalotaka kulitoa. Usipange kulala humo siku hiyo hiyo. Watoto, mjamzito, mwenye pumu na mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini wasiwepo kabisa mpaka kazi iishe.

Zunguka nyumba kwa nje, polepole, huku ukitazama mahali bati linapokutana na ukuta. Simama dakika chache. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu moja la fashabodi, kazi yote inasimama hapo. Usiwapulizie dawa, usiwachome moshi mwenyewe, wala usizibe tundu lao, maana wakikosa njia ya kutoka watateremka ndani kupitia matundu ya taa. Tafuta mfugaji nyuki anayejua kuhamisha kundi, au mwone afisa nyuki wa wilaya. Wakianza kushambulia watu, piga Zimamoto namba 114.

Popo huacha alama nyingine: ukuta chini ya paa una michirizi ya kahawia, na chini yake, sakafuni au juu ya kizingiti cha dirisha, kuna kinyesi kilichotawanyika. Rudi jioni jua likizama, simama mbali kidogo, utaona tundu wanalotokea. Panya anaonekana kwa mashimo karibu na msingi, na kwa alama nyeusi ya mafuta ya manyoya mahali anapopita kila siku, hasa pembeni mwa bomba au waya unaoingia ndani.

Vaa viatu vilivyofunika mguu mzima, suruali ndefu, shati la mikono mirefu, glavu za mpira na barakoa ya N95. Maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi wanazo. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi jembamba la aina hii. Usiweke mkono mahali ambapo jicho halijafika. Panya wakiwepo, nyoka naye huwafuata, na nge hupenda chini ya kapeti na ndani ya viatu vilivyoachwa.

Hewa

Ingia kwa hatua za taratibu, bila kuburuta miguu, nenda moja kwa moja kwenye madirisha. Fungua ya upande upepo unakotoka na ya upande wa pili, ili hewa ipite nyumba nzima na kutoka. Dodoma upepo mara nyingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, lakini tazama miti ya siku hiyo. Fungua milango yote ya ndani, hata ya stoo na ya kabati za ukutani. Kisha toka nje ukae angalau nusu saa. Mimi napenda saa nzima kwa nyumba iliyofungwa zaidi ya miezi mitatu, hasa kama harufu ya mkojo imekupokea mlangoni. Usiwashe feni wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Vyote viwili vinarusha kile unachotaka kibaki chini.

Meni swichi iache imezimwa mpaka ukague. Panya hutafuna maganda ya nyaya, na nyaya mbili zilizovuliwa zikigusana wakati unawasha umeme unaweza kupata moto darini. Ukikuta waya uliotafunwa popote, au unga wa plastiki chini ya swichi, mwite fundi umeme kabla ya kuwasha chochote.

Kusoma kinyesi

Tembea na tochi, ukiilaza karibu na sakafu ili mwanga upite ubavuni. Ukifanya hivyo, vipunje na nyayo kwenye vumbi vinaonekana vizuri kuliko ukimulika kutoka juu. Pekua nyuma ya jiko, chini ya sinki, ndani ya droo, chini ya godoro, nyuma ya kitambaa cha chini cha sofa, ndani ya maboksi ya vitabu, na juu ya kabati.

Kinyesi cha panya mdogo wa nyumbani ni kama punje ya mchele, milimita 3 hadi 6, kimechongoka ncha. Cha panya mkubwa kinafika sentimita moja na zaidi. Cha popo kinafanana na cha panya mdogo na watu wengi huvichanganya, lakini kiguse kwa kijiti: cha popo kinavunjika kuwa unga, na ndani yake utaona vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometameta. Tena hakitawanyiki njiani kama cha panya, kinajikusanya mahali pamoja chini ya sehemu wanayoning'inia. Cha mjusi kina ncha nyeupe, na hicho hakikupi kazi kubwa.

Jambo la pili la kujua ni kama ni cha zamani au cha juzi. Cha panya kikiwa kipya ni cheusi, kinang'aa na ni laini ukikibonyeza kwa kijiti. Cha zamani kimepauka, kimekauka, kinamong'onyoka. Hii ndiyo tofauti kati ya kusafisha baada ya wageni walioondoka na kusafisha nyumba ambayo bado ina wenyewe. Kama ni kipya, mitego inatangulia, kwa sababu ukisafisha leo wakiwa bado wapo, kesho asubuhi utaikuta kazi imerudi.

Nyumba moja ya Nzuguni

Nichukue nyumba moja niliyoifungua kwa niaba ya dada yangu. Ni nyumba ya vyumba vitatu iliyofungwa kuanzia Novemba hadi Juni. Jirani, mama mtu mzima, alitukuta tukizunguka uani. Nilipomsalimia shikamoo akaitikia, halafu akasema, "Mwanangu, humo usiku kuna watu wanakimbia juu ya silingi." Alikuwa ametuambia nusu ya tuliyohitaji kujua.

Jikoni kulikuwa na kinyesi nyuma ya jiko la gesi na ndani ya droo ya vijiko, kikavu, kimepauka. Sebuleni kitambaa cha chini cha sofa kilikuwa kimetobolewa, na ndani kulikuwa na kiota cha sponji, nyuzi za pazia na vipande vya gazeti. Chumba cha kulala cha nyuma ndicho kilichotusimamisha: doa la kahawia la ukubwa wa sahani kwenye ubao wa jipsam, harufu kali inayochoma pua, na kinyesi kipya kilichodondokea kitandani kupitia tundu la taa. Kilipobonyezwa kwa kijiti kikawa unga wa kumetameta. Kwa hiyo tulikuwa na mambo mawili: panya walioondoka chini, na popo waliobaki juu. Chumba hicho tulikifungia mlango, tukafunika ufa wa chini ya mlango kwa tambara lililoloa, tukaanza na sehemu nyingine.

Dawa tuliyotumia ni jiki ya kawaida. Soma lebo kwanza. Jiki nyingi za madukani kwetu zina asilimia 3.5, na kwa hiyo kipimo ni kopo 1 la jiki kwa makopo 6 ya maji. Nusu lita ya jiki inaingia kwenye lita 3 za maji. Ikiwa lebo inasema asilimia 5, changanya kopo 1 kwa makopo 9. Changanya ya siku hiyo tu, kwa sababu mchanganyiko uliolala unapoteza nguvu. Na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala siki, maana inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na chooni penye dirisha dogo mtu anaweza kuanguka.

Droo ya vijiko tuliitoa nzima nje, tukaipulizia ilivyo, vijiko vikiwa ndani. Chupa ya kupulizia ishikwe mbali kidogo na iwekwe kwenye mvuke mwembamba. Ukipiga mshindo wa maji unarusha vipunje. Pulizia mpaka kinyesi kiloe kabisa na kibadilike rangi, kisha subiri dakika 10. Watu wengi hawana subira hapa, na ndipo penye kazi halisi: ndizo dakika ambazo klorini inaua vijidudu. Baada ya hapo chukua karatasi za chooni au gazeti lililoloa, zoa, weka kwenye mfuko, funga, weka ndani ya mfuko wa pili. Pulizia tena pale pale, futa. Vijiko vikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni.

Sakafu iliyobaki ilipigwa deki kwa mchanganyiko ule ule, kuanzia chumba cha mwisho kuja mlangoni, ndoo mbili zikitumika: moja ya dawa, moja ya kusuuzia tambara. Maji yakigeuka ya tope yanabadilishwa. Kwa vumbi la Dodoma deki ya kwanza huwa inatoa tope tu. Ya pili ndiyo inayosafisha.

Kiota cha ndani ya sofa kililoweshwa kabla ya kuguswa, kikatolewa chote na sponji iliyokizunguka. Sofa lenyewe dada alitaka libaki, nasi tulilibakiza kwa sababu mkojo ulikuwa umegusa kona moja tu, ikakatwa na kushonwa upya. Godoro la kitanda kile cha popo halikuwa na hoja, lilitupwa. Ushauri wangu ni huo huo kwa godoro lolote lililozaliwa panya ndani yake: jiki haifiki katikati ya sponji. Mapazia na mashuka yalifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Vyeti na vitabu vilivyokuwa na vipunje vichache juu vilianikwa juani saa kadhaa, kisha vikafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Chakula chochote kilichokuwa wazi, hata sukari iliyofungwa kwa raba, kilikwenda jalalani.

Darini

Popo wanakula wadudu, na wakiwa nje ya nyumba ni majirani wazuri. Shida ni kinyesi chao. Kikirundikana na kupata unyevu kinaota kuvu ambayo vumbi lake likivutwa linaleta ugonjwa wa mapafu, na mrundo mzito ukichanganyika na mkojo unaweza kuangusha ubao wa jipsam. Usipande darini kama mrundo ni mkubwa na huna kinga nzuri ya pua na macho. Mtafute fundi mwenye vifaa, na umsisitizie naye aloweshe kabla ya kukusanya. Wengi hupanda na ufagio na kitambaa mdomoni.

Kwanza lakini watoke. Kuziba tundu mchana ni kuwafungia ndani, wafie humo, ukae na harufu kwa wiki nyingi. Tulichofanya Nzuguni ni kutundika wavu laini wa plastiki juu ya tundu lao la fashabodi, ukapigiliwa juu na pembeni, chini ukaachwa wazi ukining'inia kama nusu mita kushuka kwenye ukuta. Popo anatoka kwa kutambaa kushuka chini ya wavu. Akirudi analenga tundu, anakuta wavu. Uache kwa wiki nzima, hakikisha jioni hakuna tena anayetoka, ndipo tundu lizibwe kwa ubao na saruji. Ukisikia milio myembamba ya watoto mchana, usifanye hivyo bado. Subiri mpaka wakue waruke.

Popo usimguse kwa mkono mtupu, awe mzima au mfu. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo kiasi cha kutoonekana.

Baada ya popo kuondoka tuliziba njia za panya. Tundu la kupitishia waya wa dishi lilikuwa limeachwa wazi na fundi, na lilimtosha panya mdogo, ambaye hupita penye upana wa penseli. Jaza waya wa kusugulia masufuria, ushindilie, kisha saruji juu yake. Sponji na gundi peke yake atavitafuna. Ili kujua kama wote wameondoka, nyunyiza unga kidogo jikoni na stooni jioni, asubuhi tazama nyayo. Ukikuta nyayo, tega mitego ya kubana kandokando ya ukuta. Sumu siipendi ndani ya nyumba, kwa kuwa panya anakwenda kufia mahali usipofika, na viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine, ambayo ni yako.

Maji, kwa ufupi

Ile kona ya bomba chini ya sinki na chini ya bafu hukaa maji yanayozuia harufu na mende. Miezi ikipita yanakauka, kwa hiyo mimina lita moja au mbili kila tundu. Simtanki litolewe maji yote ya zamani na lisuguliwe, na mabomba yaachwe yatiririke dakika kadhaa kabla ya kunywa au kupikia.

Kama nyumba ni ya udongo

Wanaorudi kwenye nyumba ya wazee kijijini, tembe au nyumba ya sakafu ya udongo, wana jambo moja zaidi, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: papasi. Ni kupe laini wa rangi ya udongo anayejificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu mchana, anatoka usiku kunyonya damu kwa muda mfupi, bila maumivu, anarudi ufa wake. Anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba kuwa tupu hakumuui, kunamwacha na njaa tu. Anabeba homa ya papasi, na vijiji vya Dodoma kama vile vya upande wa Mvumi vimejulikana kwa ugonjwa huo muda mrefu. Ni hatari zaidi kwa watoto na kwa wajawazito, ambao mimba inaweza kutoka.

Kabla ya kulala humo, chunguza nyufa kwa tochi na kijiti, hasa pembeni mwa kitanda na karibu na mafiga, na uchote vumbi la chini ya ufa ulitawanye kwenye kitambaa cheupe juani. Papasi hujifanya udongo, kisha baada ya muda huanza kutembea. Ukimwona hata mmoja, usilale chini wala kwenye mkeka. Mwone bwana afya wa kata kuhusu dawa ya kupuliza kwenye nyufa, kisha piga lipu ukuta na sakafu kwa udongo laini au saruji mpaka nyufa zote zizibe. Kitanda kiinuliwe, kitengwe na ukuta, na neti ichomekwe chini ya godoro. Neti ni ya mbu, lakini papasi naye inamzuia asipande.

Wiki zinazofuata

Homa ikikupata ndani ya mwezi mmoja baada ya kazi hii, usiishie kusema "nina homa" ukifika zahanati. Sema ulisafisha nyumba yenye panya au popo, au ulilala nyumba ya udongo. Mkojo wa panya unaambukiza homa inayoambatana na maumivu makali ya misuli ya miguu na macho mekundu, na kikohozi kikavu chenye kifua kubana baada ya vumbi la popo kinahitaji daktari ajue chanzo chake. Kwa homa ya papasi kuna jambo la kuomba waziwazi: kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuiona. Inaonekana kwenye damu inayotazamwa kwa hadubini, tena vizuri zaidi ichukuliwe wakati homa imepanda. Homa ikipoa yenyewe kisha ikarudi baada ya wiki moja, rudi, uombe damu itazamwe kwa hadubini tena.